Mama Heritier na mifuko kumi na miwili ya chokaa

Ukitaka kumkasirisha Mama Heritier, huna haja ya kumtukana. Mwambie tu kwamba hajui kulima, kisha usimame mbali na jembe lake. Jina lake la ubatizo ni Pélagie, ila hapa Kawempe, jijini Kampala, analitumia karani wa kadi za wakimbizi peke yake, na mimi siku ninazogombana naye. Heritier ni mwanawe wa kwanza, fundi simu mwenye miaka ishirini na saba, ambaye hukumbuka shughuli za dharura mjini kila mama yake anapotaja palizi.

Mimi naitwa Moreen. Nilitoka Bungoma miaka tisa iliyopita, na tangu hapo nauza mbegu, mbolea na dawa za wadudu katika duka dogo karibu na barabara ya Bombo. Muuza mbolea wa mjini huwa mganga hata kama hakupenda. Watu huja na majani yaliyokunjamana kwenye mifuko ya nailoni, wanayaweka mbele yako, wanakutazama usoni kama uliyatafuna wewe. Mama Heritier hakuwa mtu wa kuleta majani. Alikuja kila Jumatatu, akakaa juu ya mfuko wa mbolea, akatoa karanga kwenye kanga, na kuanza kuwasema wakulima wa Kampala mmoja mmoja.

"Batu ba hapa habalimaka," aliniambia siku ya kwanza kabisa. "Banakwangula tu. Kwetu Walungu jembe inaingiaka mpaka hapa."

Akajipiga kwenye kiwiko.

Nilikuja kukizoea kile kiwiko. Kilitokea kwenye kila mazungumzo. Mvua ikichelewa, aliyelima mpaka kiwiko hana wasiwasi. Panya wakila viazi, ni kwa sababu mwenye viazi hakulima mpaka kiwiko. Kijana mmoja alipoachwa na mchumba wake nikadhani safari hii tumepona, lakini Mama Heritier akasema kijana mwenyewe alionekana tangu zamani kuwa hana mkono wa jembe. Nilicheka mpaka mteja mmoja akabadili mawazo akaondoka. Bado nilimpenda. Mwanamke aliyevuka mpaka kutoka Kongo na watoto watatu na sufuria moja, akauza sombe, majani ya muhogo, soko la Owino miaka minane akiwa amechuchumaa chini, halafu akapata nusu ekari ya kukodi na kuifanya ndiyo habari yake yote, ukimnyima majivuno umembakishia nini?

Nusu ekari hiyo ni ya Mzee Tarcisio, iko nje kidogo ya Kawempe, kule nyumba zinapoanza kuachiana nafasi. Mzee Tarcisio alistaafu ualimu, ana kofia ya kitambaa na kiti cha kukunja anachobeba kila aendako, na anapenda kutazama watu wengine wakifanya kazi. Alimkodisha Mama Heritier shamba kwa sharti moja tu, kwamba apate kuona chakula kikitoka humo. Alisema shamba lililolala linamnyima usingizi.

Sasa, maharage hayakutoka. Msimu wa kwanza yalifika kwenye goti yakasimama, majani manjano, maua yakahesabika. Msimu wa pili Mama Heritier akaongeza samadi na kuongeza maombi, akapata debe moja na nusu, tena la maharage madogo madogo yaliyojaa makunyanzi. Kanisani kwao wanawake walikuwa wamekwisha kutoa sababu zao. Victoire, anayeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, alisema mbegu ilikuwa ya zamani. Benedicte, mnene na mpole, alisema kuna mtu ana jicho baya. Mama Heritier mwenyewe alisema udongo wa Uganda ni mvivu.

Kisha wakaja watu wa matofali. Walikuwa wawili, wakachimba shimo dogo pembeni ya shamba, wakaufinyanga udongo mikononi, wakatikisa vichwa kwa furaha. Mzee Tarcisio hakumficha mpangaji wake jambo hilo. Alimwita, akakunjua kiti chake, akasema kwa utaratibu wa mwalimu.

"Nyabo, mimi iko na subira. Lakini kama Krismasi hakuna maharage, Januari hii udongo nakuwa matofali."

Jumatatu hiyo Mama Heritier alikaa juu ya mfuko wake wa mbolea na hakumsema mtu yeyote. Karanga zilibaki kwenye kanga. Nilijua basi kwamba mambo yamekuwa mazito, kwa sababu udongo ukishageuzwa matofali hakuna msimu mwingine. Linabaki shimo la kufugia mbu. Nikamwambia asinunue mbegu, asinunue mbolea, asinunue kwangu kitu chochote. Apime udongo kwanza. Nadhani ndiyo siku pekee mwaka ule niliyomfukuza mteja mwenye pesa.

Tulichota udongo sehemu kumi na tano, tukienda kombo kombo toka kona hadi kona, tukauchanganya kwenye beseni safi na kupeleka nusu kilo maabara. Matokeo aliyaleta Aber, binti wa Gulu aliyesoma Kyambogo na ambaye kazi yake ni kuzungukia wakulima wa mjini. Baba yake alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha kambini, kifupi na kilichonyooka, na hakipotezi muda kubembeleza. Alisoma karatasi pale pale kaunta. Udongo ulikuwa mchachu, pH nne nukta nane. Katika uchachu wa namna hiyo, alisema, madini ya alumini yaliyomo udongoni huyeyuka na kuumiza mizizi, fosforasi inafungwa, na vile vijidudu vinavyokaa kwenye mizizi ya maharage kuyapatia naitrojeni vinashindwa kazi. Samadi yote ile ilikuwa inawalisha wagonjwa wasioweza kumeza.

Dawa yake ni chokaa ya kilimo, siyo ile iliyochomwa ya kupaka ukuta, bali jiwe la chokaa lililosagwa likawa unga. Karatasi ilisema tani tatu kwa hekta, kwa udongo unaolimwa kina cha sentimita ishirini.

Hapo ndipo hesabu ikaja kwangu, na hapo ndipo nilipokosea.

Aber alikuwa na safari nyingine, akaniachia karatasi. Eneo halikuwa na shida. Tulikuwa tumepima kwa kamba, mita hamsini kwa arobaini, yaani mita za mraba elfu mbili. Hekta moja ina elfu kumi, kwa hiyo shamba ni sehemu mbili za kumi za hekta. Tani tatu mara hiyo, kilo mia sita. Mifuko ya kilo hamsini, kumi na miwili. Kisha nikauliza swali lililobaki, nikiwa na kalamu mkononi: analima kina gani?

Mama Heritier aliweka mkono juu ya kaunta, akaulaza kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko.

Nikachukua rula ya duka nikaupima. Sentimita arobaini na kidogo. Nikamweleza kwamba kama kweli jembe linafika huko, udongo wa kutibiwa ni mara mbili ya ule wa kwenye karatasi, basi chokaa nayo ni mara mbili, mifuko ishirini na minne. Nikamwona akihangaika. Mkono ule ulitamani kurudi nyuma lakini mbele ya watu haukuweza. Alitazama dari, akatazama mifuko, akafuta kaunta kwa upindo wa kanga. Mwishowe akasema kwamba kwa kuwa safari hii wanawake wa kanisa watakuja kumsaidia, na wale wamezoea maisha ya mjini, atashuka mpaka sentimita ishirini kwa ajili yao. Aliisogeza ile rula kwangu kwa huruma, kama mtu aliyewapunguzia wengine mzigo.

Nikaandika kina ishirini, mifuko kumi na miwili. Ningeweza kusema twende tukaone. Shamba liko mwendo wa dakika arobaini, na mimi siku hiyo viatu vilikuwa vinanibana. Zaidi ya hayo, ukimwuliza Mama Heritier kama kweli analima anavyosema, unamaliza urafiki. Nikaandika ishirini, nikapiga mstari chini yake kwa rula ile ile, nikajiona nimefanya kazi ya kitaalamu.

Salongo ilifanyika Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Hivyo ndivyo Wakongo wanavyoita kazi ya pamoja: leo tunalima kwako, mwezi ujao kwangu, mwenye shamba anapika. Walikuja wanawake kumi na wanne na majembe yao, wakaimba, wakasengenya, wakaimba tena. Mama Heritier alikuwa mstari wa mbele. Alipiga jembe mapigo mawili makubwa, ya kusikika, kila Mzee Tarcisio alipotazama upande wake, na Mzee Tarcisio kwa upande wake alikuwa amekunjua kiti chini ya mti wa parachichi na kuvaa miwani. Kufika saa tano nusu ekari yote ilikuwa imegeuka, nyekundu na laini. Nilifika na pikapu ya chokaa nikawakuta wanakunywa uji. Kichwani mwangu ilipita sauti ndogo ikauliza, udongo wa sentimita ishirini, nusu ekari, majembe kumi na manne, asubuhi moja? Niliinyamazisha kwa uji.

Kumwaga chokaa ni kazi ya kuchafuka. Ili isirundikane mahali pamoja, tuligawa mifuko mafungu mawili. Sita ya kwanza ya kumwagwa kwa urefu wa shamba, vipande sita, kila kipande mfuko mmoja. Sita ya pili ya kumwagwa kwa kukata, kwenda upana, ili palipokosa upande huu papate upande ule. Wanawake walijifunga vitambaa puani, wakatembea wakirusha unga kwa viganja. Upepo ulipogeuka Benedicte akabaki mweupe kuanzia nyusi hadi viatu, na kwaya ikapoteza sauti kwa kicheko. Mzee Tarcisio alihesabu mifuko kwa sauti ilipokuwa inafunguliwa. Moja. Mbili. Alikuwa ameambiwa kumi na miwili na Mama Heritier mwenyewe, ambaye pia alikuwa ameeleza kijiji kizima kwamba idadi ile inatokana na kulima kwake kwa kina.

Mfuko wa sita ulikuwa umekwisha, na Victoire ameshika kisu kufungua wa saba, Aber akatokea na pikipiki. Alikuwa anapita tu. Akasalimia, akasifu, akatoa mfukoni kipande cha chuma chembamba chenye alama za sentimita, akakichoma ardhini karibu na mguu wake. Kilizama vizuri kisha kikagota. Akakitoa, akatazama, akahamia hatua tano mbele, akachoma tena. Nilimtazama uso nikajua.

"Nani aliandika ishirini?" akauliza.

Nilisema ni mimi. Sikuwa na pa kujificha, na risiti ilikuwa na mwandiko wangu. Aber akasema bila kupandisha sauti kwamba chuma kinasoma tisa pale, kumi hapa, na chini yake ni ardhi ambayo haijawahi kuona jembe.

Mama Heritier alifika akijipangusa chokaa mikononi. Kwanza alisema chuma kile ni cha kupimia udongo wa Gulu. Halafu akasema sehemu hizo alilima Victoire. Victoire akasema asante sana. Mama Heritier akamshika Aber mkono, akamvuta hadi katikati, mahali alipolima yeye mwenyewe kwa mikono yake, akasimama pembeni na kidevu juu. Chuma kikaingia. Kumi na moja.

Akamvuta mahali pengine. Tisa. Pengine, chini ya mteremko, kumi. Walizunguka hivyo shamba zima, mmoja akivuta, mwingine akichoma na kusoma, nasi wengine tukiwafuata nyuma kama maandamano ya Jumapili ya Matawi. Vipimo kumi vilipotimia Aber alivijumlisha kwenye simu yake akagawanya. Kumi kamili. Angalau, nilimnong'oneza Mama Heritier, kazi ya salongo ilikuwa sawasawa kila mahali. Hakucheka.

Aber alieleza mara moja tu, na alieleza kwa wote. Tani tatu kwa hekta ilikuwa hesabu ya udongo wa kina cha ishirini. Ukilima kumi, udongo utakaochanganyika na chokaa ni nusu, kwa hiyo chokaa nayo ni nusu: tani moja na nusu kwa hekta, kilo mia tatu kwa shamba hili, mifuko sita. Ukitia yote kumi na miwili katika kina cha kumi, ni chumvi ya sufuria mbili katika sufuria moja. Uchachu utaisha kupita kiasi, zinki na madini ya chuma na manganizi vitakwama udongoni, maharage yatakuwa manjano tena, safari hii kwa shibe. Na chokaa ikishachanganywa na udongo, haichotwi. Utaisubiri miaka.

Kwa hiyo mifuko sita iliyokwisha kumwagwa ilikuwa inatosha. Kisu kiwekwe chini, majembe yachanganye unga ule kwa kina hicho hicho cha kumi, basi. Au, akasema Aber, kama wanataka kumwaga sita iliyobaki, walime upya shamba lote, wafike ishirini kweli.

Wanawake kumi na wanne walitazama majembe yao.

Ungedhani uamuzi ni mwepesi. Lakini Mzee Tarcisio alikuwa amesimama, kiti mkononi, amekuja hadi ukingoni mwa shamba, na swali lake lilikuwa wazi hata kabla hajafungua mdomo. Aliahidiwa kumi na miwili, mbona sita? Kwa mwalimu mstaafu nusu ya kazi ni alama hamsini. Mama Heritier aliniambia baadaye kwamba pale aliwaona watu wa matofali kwa macho yake, wamekwisha kuvua mashati.

Akamwambia Victoire afungue mfuko wa saba.

Victoire hakusogea. Mama Heritier akachukua kisu yeye. Nikamshika mkono, na hapo ndipo nilipomwita Pélagie. Nilimwambia kosa ni langu, niliandika namba ambayo sikuiona, nami nitamwambia Mzee Tarcisio hivyo hivyo mbele ya kila mtu, na mifuko ya ziada nitairudisha dukani. Nilimaanisha. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwa ajili ya maharage ya mtu.

Akanipa kisu kwa upande wa mpini, akageuka kwa Mzee Tarcisio.

"Mzee, Moreen hana kosa. Iko kumi. Mi nalimaka kumi. Mama yangu njo alilimaka mpaka kiwiko. Mi bega yangu inakataa toka tulikimbia, na sikupenda batu bajue."

Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kumi ndiyo anayoiweza, na sita ndiyo chokaa yake.

Sijui nilitarajia nini. Benedicte, mweupe vile vile na unga, alienda akamshika lile bega, kama ambavyo mtu huweka mkono kwenye chungu kuona kama bado kina moto. Wengine walianza kusema mmoja mmoja. Mmoja alikuwa na mgongo tangu alipojifungua. Mwingine goti. Victoire alikiri kwamba hajawahi kulima zaidi ya kina cha kiganja na kwamba jembe lake amelikata mpini makusudi. Ghafla kila mtu alikuwa na kiungo kibovu cha kuonyesha, na walikionyesha kwa fahari, nikaona ningechelewa kidogo wangefungua zahanati pale pale. Mimi nikataja viatu vyangu. Nilistahili dharau niliyoipata.

Mzee Tarcisio alitia kiti chake kwapani akaondoka. Mama Heritier alimtazama mpaka kofia ikapotea nyuma ya migomba, kisha akaokota jembe na kuanza kuchanganya chokaa, sentimita kumi, bila kupiga kwa sauti.

Tulingoja wiki sita na mvua zikaanza. Maharage yalipandwa katikati ya Septemba. Ningependa kuwaambia kwamba yalilipuka kama kwenye picha za mifuko ya mbegu, lakini chokaa haifanyi haraka namna hiyo, na inahitaji muda na unyevu ili ifanye kazi yake. Yaliota kwa kujizuia. Mwezi wa kwanza nilikwenda kila Jumapili, na kila Jumapili Mama Heritier alinikataza kusema lolote. Wiki ya tano majani yalikuwa kijani, kijani cha kawaida kabisa, na nikamwona akilishika moja na kulilinganisha na gauni lake. Aber aling'oa mmea mmoja kwa uangalifu, akautikisa udongo. Kwenye mizizi kulikuwa na vinundu vidogo. Alikata kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa na rangi ya waridi. Akasema vijidudu vimerudi kazini. Mama Heritier akaitwaa ile nusu ya kinundu, akaifunga kwenye risiti ya kazi ya simu za Heritier na kwenda nayo kanisani.

Mzee Tarcisio katika miezi yote hiyo hakukanyaga shambani. Kiti chake hakikuonekana. Tulisikia alikuwa amekutana tena na watu wa matofali, mara mbili, nyumbani kwake, na kwamba mara ya pili waliondoka wakicheka. Mama Heritier alipoteza uzito. Aliacha kusengenya wakulima. Siku moja alinunua kwangu nyuzi za kufungia magunia kisha akazirudisha, akisema ni mapema mno, zinaweza kuleta mkosi, na baada ya saa moja akatuma mtoto wa jirani kuzichukua tena.

Wiki ya kwanza ya Desemba maharage yalivunwa. Magunia mawili na nusu. Siyo ya kutangazwa redioni, wakulima wazuri hupata zaidi, lakini yalikuwa yamejaa, mekundu, na hayana kunyanzi hata moja, nilitafuta. Yalikuwa yamepangwa ukingoni mwa shamba, wanawake wamekaa juu yake wakila, pale Mzee Tarcisio alipotokea njiani. Alikuja bila kiti. Wote tulisimama.

Alifungua gunia la nusu, akaingiza mkono, akaacha maharage yapite vidoleni. Alirudia. Kisha akasema, kwa Mama Heritier peke yake ingawa sote tulikuwa tumenyoosha masikio, kwamba miaka thelathini na mmoja alifundisha hesabu, na wanafunzi wote walimpa jibu walilofikiri analitaka. Siku ile ya chokaa ndiyo mara ya kwanza mtu mzima kufuta jibu lake mwenyewe mbele yake. Watu wa matofali amekwisha kuwaambia watafute udongo kwingine. Alikuwa amewaambia Agosti. Hakusema, kwa sababu alitaka kwanza aone mahesabu yale yanatoa nini.

Agosti! Miezi minne tunakonda bure. Nilikuwa na maneno ya kumwambia yule mzee, tena mengi, na Victoire alinikanyaga mguu kwa wakati.

"Nyabo," akamalizia, "hii shamba wewe nalima mpaka wewe nachoka."

Mama Heritier alikaa juu ya gunia. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta, alikuwa ameshika maharage mikono yote miwili.

"Mi nilichoka zamani, Mzee," akasema. "Lakini nitabakia."

Mzee Tarcisio aliitika kwa kichwa, akauliza kama kuna chakula, na Benedicte akampakulia.